Kupima faida ya salfa kwa uzito wa kinyume cha uwezekano, hatua kwa hatua, hadi pale uzito unapopitiliza

Kila msimu ukiisha naletewa fomula ileile na lalamiko lilelile. Mtu amekusanya data ya wakulima wa korosho, amepiga rigresheni, amegeuza uwezekano akapata uzito, halafu jibu linatoka la ajabu, salfa imeongeza kilo ambazo hata bwana shamba akiziona atacheka. Mara nyingi fomula haina kosa, ila katikati ya zile safu mia kadhaa kuna mkulima mmoja au wawili waliobeba hesabu nzima na mwenye data hajawahi kuwaangalia.

Kwa hiyo tunaenda taratibu. Njia yenyewe ni hii: unakadiria uwezekano wa kila mkulima kupuliza, kisha unampa uzito mkubwa yule ambaye alichofanya hakikutarajiwa kwa hali yake, ili waliopuliza na wasiopuliza wafanane. Mfano ni mmoja mwanzo mwisho: je, mkulima wa Newala au Tandahimba akipulizia mikorosho salfa inavyotakiwa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu unaoshambulia maua, anavuna kilo ngapi zaidi kwa mti kuliko ambavyo angevuna bila kupuliza? Namba zote humu nimezitunga ili zifundishe, msizibebe kwenda kuandika ripoti.

## Vitu vya kuwa navyo

Faili moja, safu moja kwa kila mkulima (au kila shamba, ila chagua moja usichanganye). Nguzo ya salfa, 1 kapuliza, 0 hajapuliza. Nguzo ya mavuno, kilo kwa mti. Nguzo za hali yake KABLA ya msimu: idadi ya miti, umri wa miti, mavuno ya msimu uliopita, kama shamba lilipaliliwa kabla ya maua. Na jina la AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, hilo utalihitaji mwishoni.

Halafu R, ya bure, inafanya kazi hata kwenye laptop ya zamani. Eksel inaweza hadi hatua ya nne hivi, baada ya hapo utateseka tu.

Kuhusu kilo, jamani, msichukue daftari la AMCOS peke yake. Tunajua wote kangomba ipo, korosho kuuzwa kimyakimya nje ya chama. Mkulima aliyekosa hela ya salfa ndo huyohuyo aliyekosa hela ya shule akauza kimyakimya kabla ya mnada, kwa hiyo kwenye daftari anaonekana kavuna kidogo na salfa inapewa sifa isiyo yake. Uzito wowote utakaopiga baadaye hautibu hilo, tatizo liko kwenye kipimo chenyewe. Muulize mwenyewe alivuna magunia mangapi, yote, usimuulize aliuza wapi.

## Hatua ya 1: Andika swali kabla hujafungua R

"Kupuliza" ni nini? Raundi moja? Tano? Mimi hapa nasema aliyepuliza ni aliyeanza pale vikonyo vya maua vilipochomoza na akafika raundi tatu au zaidi, wengine wote ni sifuri. Ukiacha hili wazi utachanganya mtu aliyepuliza mara moja mwezi wa tisa ubwiriunga umeshamaliza maua na mtu aliyefuata ratiba, na jibu lako halitakuwa la yeyote kati yao.

Pili, ni wakulima gani? Mwenye mikorosho ya mwaka mmoja ambayo haijaanza kutoa maua hapulizi na hana cha kupulizia. Uwezekano wake ni sifuri kabisa, sio mdogo. Huyo mtoe sasa hivi, kwa kigezo unachokiandika, usisubiri aje akusumbue kwenye uzito.

Tatu, na hili la salfa ni maalum: vumbi linaruka. Shamba lisilopulizwa lililopakana na lililopulizwa upande wa upepo linapata dawa ya bure. Njia hii inadhani salfa ya jirani haigusi mavuno yako. Kama mashamba yako yamebanana, weka kigezo cha umbali au angalau andika kwamba tofauti utakayoipata huenda imepungua, maana wasiopuliza nao wamefaidi.

Umefaulu kama unaweza kumsomea mtu swali lako kwa sentensi moja na akajua nani ni 1, nani ni 0, na nani hayumo.

## Hatua ya 2: Chagua vivurugaji

Kivurugaji ni kitu kinachomsukuma mtu kupuliza na pia kinagusa mavuno kwa njia yake chenyewe. Mavuno ya mwaka jana ni mfano mzuri: aliyevuna vizuri ana hela ya kununua salfa, na miti yake ni mizuri hata asipopuliza. Umri wa miti hivyohivyo, na palizi, na ukubwa wa shamba.

Wengi wanateleza sehemu mbili. Ya kwanza ni kuweka vitu vilivyotokea BAADA ya salfa, kwa mfano maua mangapi yalikauka mwezi wa nane au korosho zilipangwa daraja gani. Hayo ni matunda ya salfa yenyewe, ukiyasawazisha unaifuta faida unayoitafuta.

Ya pili haizungumzwi sana lakini ndo inayozaa uzito uliopitiliza. Unaweka kigezo kinachotabiri kupuliza kwa nguvu sana ila hakigusi mavuno kwa njia nyingine. Chukua mtu anayekaa nyumba ya pili na kijana mwenye bloa, mashine ya kupulizia, ya kukodisha. Huyo anapuliza karibu kila mwaka, lakini kukaa karibu na bloa hakuoteshi korosho. Ukikiweka, modeli itajivuna imetabiri vizuri, uwezekano utakimbilia 0.98 huku na 0.02 kule, uzito utalipuka, na hujapunguza upendeleo hata kidogo. Kazi ya modeli hii ni kusawazisha makundi, kutabiri vizuri sio shabaha yake. Kumiliki bloa mwenyewe ni kesi ya ubishi kidogo kwa sababu inaashiria uwezo wa hela, na hela inanunua palizi pia. Mimi ningepima uwezo moja kwa moja kuliko kuupitia kwenye bloa.

## Hatua ya 3: Kadiria uwezekano wa kupuliza

```r
m <- glm(salfa ~ log(miti) + umri + I(umri^2) + nyuma + palizi,
         data = d, family = binomial)
d$p <- predict(m, newdata = d, type = "response")
```

`nyuma` ni mavuno ya msimu uliopita. Nimeweka logi ya idadi ya miti kwa sababu wakulima wengi wana miti michache na wachache wana mingi mno, bila logi wale wakubwa wanauvuta mstari wote. Umri nimeuweka na mraba wake maana mti mchanga sana na mzee sana wote hawapewi salfa, wa katikati ndo anahangaikiwa.

Mkipata ujumbe `y values must be 0 <= y <= 1` mmeandika salfa kama 1 na 2, badilisheni iwe 0 na 1. Na wale wanaotumia `fitted(m)` halafu R inagoma ikisema `replacement has ... rows, data has ...`, hiyo ni kwa sababu kuna mashimo kwenye data na modeli imeziruka safu zile. `predict` na `newdata` inaacha shimo palepale lilipo. Lakini usiishie hapo, jiulize nani hao wasio na umri wa miti, maana kama ni wazee waliorithi shamba tu basi umewatupa kundi zima bila kujua. Ukishaamua cha kufanya na mashimo, endelea na faili lisilo na shimo hata moja, msimbo wa mbele unategemea hivyo.

Umefaulu kama ukichora histogramu mbili za `p`, ya waliopuliza na ya wasiopuliza, zinapandiana sehemu kubwa. Zikiachana kabisa, huku wote na kule wote, simama hapohapo. Hakuna wa kumlinganisha na mwenzake.

## Hatua ya 4: Geuza uwezekano uwe uzito

```r
d$w <- ifelse(d$salfa == 1, 1/d$p, 1/(1 - d$p))
```

Tuifanye kwa mkono mara moja ili usiiamini tu. Wakulima 200, mia wana mashamba makubwa na mia madogo. Kwenye makubwa 80 wamepuliza, 20 hawajapuliza. Kwenye madogo ni kinyume, 20 wamepuliza, 80 bado. Makubwa yaliyopulizwa yametoa kilo 9 kwa mti, yasiyopulizwa 7. Madogo yaliyopulizwa 6, yasiyopulizwa 4. Yaani kote salfa imeongeza kilo 2, hata mtoto anaona.

Sasa linganisha kienyeji. Wastani wa waliopuliza: 80 wa kilo 9 na 20 wa kilo 6, unapata 8.4. Wasiopuliza: 20 wa kilo 7 na 80 wa kilo 4, unapata 4.6. Tofauti 3.8. Karibu mara mbili ya ukweli, kwa sababu waliopuliza wengi ni wenye mashamba makubwa ambao wangevuna zaidi hata hivyo.

Weka uzito. Mwenye shamba kubwa aliyepuliza anapata 1/0.8, yaani 1.25. Mwenye dogo aliyepuliza anapata 1/0.2, yaani 5, maana anasimama kwa niaba yake na wenzake wanne wa hali yake ambao hawakupuliza. Wale 80 wanakuwa 100, wale 20 nao wanakuwa 100, wastani wao ni 7.5. Upande wa pili vilevile, wastani 5.5. Toa, unabaki na 2.

Angalia ile 5. Hapo haina shida kwa sababu ni watu 20 wanaigawana. Shida inaanza pale mzigo wa namna hiyo unapoangukia mgongo wa mtu mmoja, tunafika huko.

## Hatua ya 5: Angalia mizani kabla ya mavuno

Usiguse nguzo ya kilo bado. Nasisitiza, kwa sababu ukishaona jibu utaanza kubadilisha modeli mpaka jibu likupendeze.

```r
smd <- function(x, t, w) {
  a <- weighted.mean(x[t == 1], w[t == 1])
  b <- weighted.mean(x[t == 0], w[t == 0])
  (a - b) / sqrt((var(x[t == 1]) + var(x[t == 0])) / 2)
}
smd(d$umri, d$salfa, d$w)
```

Hii inakupa tofauti ya wastani wa makundi mawili ikiwa imegawanywa kwa mtawanyiko. Fanya kwa kila kivurugaji. Watu wengi wanatumia mpaka wa 0.1, ikiwa chini ya hapo, kwa upande wa hasi au chanya, unaendelea. Usitumie p-value hapa, data ikiwa ndogo kila kitu kitaonekana kimesawazika.

Ikigoma, rudi hatua ya 3, ongeza mraba au mwingiliano wa vigezo viwili, kadiria tena, pima tena. Unaweza kurudi mara nyingi unavyotaka mradi kilo hujazitazama.

## Hatua ya 6: Uzito uliopitiliza

Hapa ndo penye kazi yenyewe.

Tuseme waliopuliza ni 100. Tisini na tisa kati yao wana uzito wa 2 kila mmoja, na mmoja ana uwezekano wa 0.01 kwa hiyo uzito wake ni 100. Wale 99 wamevuna wastani wa kilo 7, huyu mmoja kavuna 15. Jumla ya uzito ni 298, kwa hiyo mtu mmoja kashika theluthi ya kundi. Wastani unatoka 9.7. Mtoe, unarudi 7. Kilo 2.7 kwa mti zimeletwa na mzee mmoja!

Kuna kipimo cha haraka cha kugundua hili, ukubwa halisi wa sampuli:

```r
w1 <- d$w[d$salfa == 1]
sum(w1)^2 / sum(w1^2)
```

Kwa mfano wetu inatoka 8.5. Una watu 100 kwenye faili, lakini kwa uhakika wa jibu ni kama umehoji wanane au tisa. Piga hii kwa kundi la waliopuliza na la wasiopuliza kila moja peke yake, ukipiga kwa pamoja kundi moja linaweza kuficha ugonjwa wa mwenzake.

Kwanza mtafute huyo mtu. Panga faili kwa uzito, soma safu kumi za juu moja moja.

```r
head(d[order(-d$w), ], 10)
```

Mara nyingine ni kosa la kuandika tu, miti 12 wakati ni 120, na mwenye miti 120 kupuliza ni jambo la kawaida kabisa, ukisahihisha uzito unashuka wenyewe. Mara nyingine ni kweli: ana miti sita ya kizee nyuma ya nyumba, mpwa wake alikuja na bloa asubuhi umande haujakauka akampulizia bure. Mara nyingine ni modeli, umeweka mstari ulionyooka mahali penye mkunjo na uwezekano wake halisi sio 0.01 hata kidogo. Matatizo matatu, dawa tatu tofauti, na ndo maana kukimbilia kukata uzito bila kusoma safu ni uvivu.

Ukishajiridhisha ni wa kweli na modeli ni nzuri, una njia za kuchagua, na kila moja ina bei yake.

*Kukata kilele.* Uzito wote uliozidi kiwango unashushwa uwe kiwango hicho, wengi wanatumia asilimia ya 99. Kwenye mfano wetu tukikata kwa 10, wastani unakuwa 7.4 na ukubwa halisi wa sampuli unapanda kutoka 8.5 hadi 87. Bei yake ni upendeleo: yule mzee sasa hawakilishi tena wenzake wote wa miti sita, sehemu yao imefutika. Onyesha jibu kwa viwango viwili vitatu vya kukata, usichague kimoja gizani.

*Kutupa nje waliopitiliza.* Unabaki na wenye uwezekano kati ya 0.1 na 0.9 tu, kisha unakadiria `p` upya kwa waliobaki. Ni safi, ila swali limebadilika, sasa jibu sio la wakulima wote, ni la wale ambao kupuliza au kutopuliza kungeweza kwenda huku au kule. Lazima uwaeleze ni akina nani hao, kwa idadi ya miti na umri, sio kwa namba ya uwezekano ambayo hakuna mtu wa chama cha msingi atakayeielewa.

*Uzito wa mpishano.* Aliyepuliza anapewa `1 - p`, asiyepuliza anapewa `p`.

```r
d$wo <- ifelse(d$salfa == 1, 1 - d$p, d$p)
```

Hakuna uzito unaoweza kuvuka 1, kwa hiyo hakuna kulipuka. Mzee wetu anapata 0.99 na wale wengine wenye uwezekano wa 0.5 wanapata 0.5, wastani unatoka 7.2 na yeye ameshika asilimia 2 tu. Halafu ina raha nyingine, kama `p` imetoka kwenye rigresheni ya lojistiki ya kawaida, wastani wa kila kivurugaji kilichomo kwenye modeli unalingana pande zote mbili kabisa, tofauti sifuri. Kwa data yenye ncha kali kama za kwetu mimi naanzia hapa. Ila nayo inajibu kuhusu wakulima wa katikati, wale wenye kusitasita, sio kuhusu wote. Kama kituo cha utafiti wa korosho cha TARI Naliendele au halmashauri wanataka kujua ruzuku iwafikie akina nani, hao wa kusitasita mara nyingi ndo haswa wanaowauliza.

Kuna ya nne inayopendwa mno: kuzidisha uzito wa kila kundi kwa asilimia ya wakulima walio kwenye kundi hilo ili "kuutuliza". Namba zinaonekana ndogo, mtu anafurahi. Lakini kwa tiba ya ndiyo au hapana inayotolewa mara moja, ukitumia wastani wenye uzito kama tunavyofanya humu, kila mtu kwenye kundi amezidishwa kwa namba ileile kwa hiyo jibu halibadiliki hata nukta. Yule mzee bado kashika theluthi yake. Faida yake iko kwenye tiba zinazorudiwa msimu hadi msimu, sio hapa.

Umefaulu kama hakuna mtu mmoja anayeshika zaidi ya asilimia chache za kundi lake, na mizani ya hatua ya 5 bado ipo chini ya 0.1 baada ya kukata. Ipime tena, watu wanasahau. Kukata uzito kunaweza kuirudisha ile tofauti uliyokuwa umeiondoa.

## Hatua ya 7: Sasa fungua kilo

Weka kazi yote ndani ya fanksheni moja, kuanzia modeli ya uwezekano mpaka tofauti.

```r
kadiria <- function(d) {
  m <- glm(salfa ~ log(miti) + umri + I(umri^2) + nyuma + palizi,
           data = d, family = binomial)
  p <- predict(m, newdata = d, type = "response")
  w <- ifelse(d$salfa == 1, 1 - p, p)
  t <- d$salfa == 1
  weighted.mean(d$kilo[t], w[t]) - weighted.mean(d$kilo[!t], w[!t])
}
```

Sababu ya kuifunga pamoja ni butstrap, yaani kuchota sampuli upya mara nyingi kutoka data yako ileile ili uone jibu linavyoyumba. Uwezekano wenyewe umekadiriwa, una mashaka yake, kwa hiyo kila ukirudia sampuli unakadiria modeli upya. Na usirudie mkulima mmoja mmoja, rudia AMCOS nzima nzima, kwa sababu wa chama kimoja wanapata salfa siku moja, mvua moja, ubwiriunga mmoja.

```r
vyama <- split(d, d$amcos)
b <- replicate(1000, kadiria(do.call(rbind, unname(sample(vyama, replace = TRUE)))))
kadiria(d)
quantile(b, c(.025, .975))
```

Namba mbili za mwisho ni masafa ya asilimia 95 ya jibu. Kama una AMCOS nne au tano tu, masafa haya usiyaamini sana, yatatoka membamba kuliko inavyostahili. Hapo ni heri uongeze vyama kuliko kuongeza wakulima ndani ya chama kilekile.

Ukichora histogramu ya `b` ukaona vilima viwili badala ya kimoja, kuna chama kimoja kinachobeba jibu, ni ule ugonjwa wa hatua ya 6 umerudi kwa sura ya kijiji kizima. Kitoe, piga tena, uone.

Kwenye ripoti andika jibu, masafa yake, uzito mkubwa kuliko wote, ukubwa halisi wa sampuli kwa kila kundi, na jibu lingekuwaje bila kukata. Na uandike ni kipi hukukipima. Kwangu mimi cha kwanza ni bidii: mkulima anayeamka alfajiri kufuata ratiba ya salfa ndo huyohuyo anayeokota korosho kila siku zisioze chini, na nguzo ya bidii haipo kwenye faili lolote, kwa hiyo sehemu ya kilo zinazosifiwa salfa huenda ni za bidii hiyo.